Bamba Lililofika Mapema: Kisa cha Tuta Lililotitia Juu ya Udongo Laini

Kisa hiki ni cha mkabala wa daraja moja, yaani kipande cha barabara kinachoingia darajani, kwenye bonde la mto, karibu na pwani. Jina la barabara, mwaka na wahusika nimeviondoa, na vipimo nimevizungusha kidogo. Nilikuwa upande wa mhandisi mshauri. Hesabu ya kwanza, ile iliyokosea, ilipita mezani kwangu na niliitia saini.

Mahali na udongo

Daraja lilisimama juu ya nguzo zilizopigwa hadi kwenye mchanga mgumu, kwa hiyo lenyewe halikuwa na pa kwenda. Mkabala wake ulikuwa tuta la moramu lenye kimo cha mita 2.5, juu yake upana wa mita 10, ubavu wake ukitoka nje mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo. Chini ya tuta kulikuwa na mita 1 ya udongo mkavu uliopasukapasuka kwa jua, kisha mita 6 za udongo wa mfinyanzi laini wa kijivu, halafu mchanga. Maji yalikutwa mita 1 kutoka juu. Udongo wenyewe ulikuwa wa aina ambayo ukiukamata kiganjani na kukunja ngumi unapenya kati ya vidole.

Hatari yenyewe ilikuwa wazi kwa kila mtu. Tuta likititia huku daraja limesimama, gari linakutana na kizingiti pale vinapoungana. Mwajiri alikubali tuta lititie sentimita 10 tu baada ya kutiwa lami, kwa kuwa kungekuwa na slabu ya zege ya kuvusha magari kutoka kwenye tuta hadi darajani.

Kilichopimwa maabara

Sampuli zilichukuliwa kwa mirija myembamba ya chuma na kupelekwa kwenye edometa. Hiki ni chombo kinachobana kidonge cha udongo chenye kipenyo cha milimita 75 na unene wa milimita 20 ndani ya pete ya chuma. Juu na chini kuna mawe yanayopitisha maji. Udongo hauwezi kutanuka pembeni, unaweza kushuka tu, na hauwezi kushuka mpaka maji yatoke. Kila siku mzigo huongezwa kuwa maradufu ya ule wa jana: 12.5, 25, 50, 100, 200 hadi 400 kilopaskali, na kila hatua huachwa saa 24 huku mtu akisoma geji.

Kipimo hicho kimoja kinakupa majibu mawili ambayo ni vizuri kuyatenganisha kichwani tangu mwanzo. La kwanza ni udongo utashuka kiasi gani. La pili ni utashuka kwa kasi gani.

Kuhusu kasi, hatua ya kutoka 50 hadi 100 ilionyesha kuwa asilimia 90 ya kushuka ilikamilika kwa dakika 30, kwa njia ya Taylor ya kuchora usomaji dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Hapo hapo mtu anaweza kupata muda wa saiti bila kitabu. Maji ndani ya kidonge husafiri milimita 10 tu kufika kwenye jiwe la karibu. Katika tabaka letu, lililokuwa na njia ya kutokea juu na chini, maji ya katikati yalipaswa kusafiri mita 3, yaani mara 300 zaidi. Muda hukua kwa mraba wa safari: 300 mara 300 ni 90,000, na dakika 30 mara 90,000 ni miaka 5 na kidogo. Kwa lugha ya hesabu, `cv`, kipimo cha kasi hiyo ya kushuka, ilikuwa mita za mraba 1.5 kwa mwaka.

Hesabu ya kwanza

Mwenzetu aliyefanya hesabu alichukua karatasi ya muhtasari ya maabara. Karatasi ile ilikuwa na thamani moja ya `mv`, kipimo cha jinsi udongo unavyobanika, na aliitia kwenye kanuni fupi:

```
S = mv × Δσ × H
```

Mzigo wa tuta ukifika katikati ya tabaka ulikuwa umepungua kidogo kwa kutawanyika, ukabaki kilopaskali 45. Kwa `mv` ya 0.92 kwa kila megapaskali, mita 6 zilitoa sentimita 25. Kwa kuwa sentimita 25 zingechukua miaka, tuliamua kuongeza mita 1 ya kifusi cha ziada juu ya tuta na kukiacha mwaka mzima. Kwa mzigo huo mkubwa, kilopaskali 63, tabaka lingetaka kutitia sentimita 35, na katika miezi 12 lingekuwa limefika asilimia 46 ya safari hiyo, yaani sentimita 16. Kifusi kikiondolewa hapo, zingebaki sentimita 9 kati ya zile 25. Ziko chini ya 10. Nikatia saini.

Kifusi cha ziada hakikuweza kuzidi mita 1. Udongo ulikuwa dhaifu, na tuta la mita 4 au zaidi lingeweza kuteleza lote pamoja na moyo wa mkandarasi.

Mabamba yanashuka

Kabla ya kumwaga kifusi tulilaza mabamba manne ya chuma juu ya ardhi, kila moja na fimbo iliyoinuliwa kadiri tuta lilivyopanda, ili mpima asome kimo chake kila wiki. Tulizika pia pizomita mbili za waya unaotetema katikati ya udongo laini, za kupima shinikizo la maji. Moja ilikufa mapema, greda ilikata kebo yake. Ilibaki moja. (Pizomita ya paipu ya wazi isingefaa pale. Shinikizo lililotarajiwa lingepandisha maji mita 6 juu ya kimo chake cha kawaida, na paipu ingekuwa chemchemi juu ya barabara.)

Tuta lilijengwa kwa wiki sita. Miezi ninayotaja hapa inahesabiwa kuanzia katikati ya kipindi hicho. Mwezi wa 5 ulipofika, wastani wa mabamba ulikuwa sentimita 17. Kwa hesabu yetu zingekuwa 10 tu. Lengo la mwaka mzima, sentimita 16, lilikuwa limepitwa.

Msimamizi wa mkandarasi aliomba kikao. Alikuja na grafu iliyochorwa vizuri na hoja fupi: "Mhandisi, mlitaka kumi na sita, tumewapa kumi na saba. Tuondoe kifusi tutie lami."

Kikao cha mwezi wa 5

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kila aliyefanya kazi kwenye udongo wa bondeni anajua kwamba saiti huwa na kasi kuliko maabara, kwa sababu udongo halisi una vijitabaka vya mchanga ambavyo kidonge cha milimita 20 hakivioni. Ikiwa tabaka lingetitia sentimita 35 kwa jumla chini ya kifusi, kama tulivyosema wenyewe, basi 17 zilimaanisha tumefika karibu nusu ndani ya miezi 5. Hilo lingewezekana `cv` ya kweli ikiwa 4 badala ya 1.5, jambo la kawaida kabisa. Na kama ndivyo, zingebaki sentimita 8 tu baada ya kuondoa kifusi. Anayo haki.

Lakini usomaji uleule una tafsiri nyingine. Huenda kasi ni ileile ya maabara, ila jumla ndiyo kubwa kuliko tulivyohesabu. Tuliuliza: jumla gani, kwa `cv` ya 1.5, ingetupa sentimita 17 kwa miezi 5? Jibu lilikuwa kama sentimita 58.

Basi tukajaribu kuona ni tafsiri ipi inayolingana na grafu, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa uzito. Grafu ililingana na zote mbili. Katika sehemu ya mwanzo, mpaka karibu asilimia 60 ya safari, kutitia hufuata kipeuo cha pili cha muda:

```
s = S × √(4·cv·t/π) / d
```

Hapa `S` ni jumla, `s` ni kilichokwisha kushuka kufikia muda `t`, na `d` ni safari ya maji, mita 3. Mabamba yanakuonyesha `s` na `t` tu. Kinachojulikana kutoka humo ni `S` mara kipeuo cha pili cha `cv`, si kila kimoja peke yake. 35 mara kipeuo cha 4 ni 70. 58 mara kipeuo cha 1.5 ni 71. Kwa mabamba, tabaka dogo lenye haraka na tabaka kubwa lenye uvivu ni kitu kimoja. Hata kusubiri mwezi wa 12 kusingesaidia sana: tafsiri ya kwanza ingetoa sentimita 26, ya pili 27, na makosa ya mpima yangefunika tofauti hiyo.

Kilichobaki ni kile kipimo kimoja kilicho hai chini ya tuta. Pizomita iliyo katikati ya tabaka haijali jumla ya kutitia, inasikia muda tu: maji yametoka au bado. Kama `cv` ni 4, miezi 5 ingetosha kushusha shinikizo la ziada pale katikati hadi asilimia 80 ya mzigo, yaani kilopaskali 50. Kama ni 1.5, katikati kungekuwa bado hakujasikia lolote, na kipimo kingesoma kama 62. Kilisoma 60.

Msimamizi aliuliza, kwa haki, kama kifaa kimoja kinaaminika au kimekwama. Tulirudi kwenye rekodi za ujenzi: kila safu ya kifusi ilipowekwa, usomaji wake ulipanda ndani ya siku hiyohiyo kwa kiasi kinacholingana na uzito wa safu, na tangu wakati huo ulikuwa umeanza kushuka polepole. Kifaa kilichokwama hakifanyi hivyo.

Kosa lilipokuwa

Jioni ile nilitoa mchoro wa edometa wenyewe, ule wa uwiano wa matundu dhidi ya logi ya mzigo, badala ya karatasi ya muhtasari. Mchoro una goti. Kabla ya goti mstari umelala, udongo unabanika kidogo, kwa sababu umewahi kubeba mzigo huo zamani. Baada ya goti unateremka kwa ukali. Kwa njia ya Casagrande goti letu lilikaa kilopaskali 45. Udongo wa katikati ya tabaka ulikuwa unabeba 34 kabla ya tuta, na baada ya tuta ungebeba 79. Yaani tulivuka goti na kuingia kwenye mteremko mkali kuliko wote.

Thamani ya `mv` kwenye muhtasari ilikuwa ya hatua ya 100 hadi 200, kama maabara ile ilivyozoea kuandika. Katika mizigo hiyo udongo umekwisha kubanwa na kupoteza matundu mengi, kwa hiyo kila kilopaskali inayoongezwa inaubana kwa kiasi kidogo kuliko hapo awali. Maabara haikukosea. Sisi tulitumia namba ya udongo uliochoka kubanwa kwa udongo ambao bado haujaanza.

Kwa kutumia mteremko wenyewe, `Cr` ya 0.10 kabla ya goti, `Cc` ya 0.80 baada yake, na uwiano wa matundu wa mwanzo wa 1.9, hesabu inakuwa:

```
S = H/(1+e0) × [Cr·log(σp/σ0) + Cc·log(σf/σp)]
S = 6/2.9 × [0.10·log(45/34) + 0.80·log(79/45)]
S = 2.07 × [0.012 + 0.196] = 0.43 m
```

Sentimita 43 kwa tuta la kudumu, si 25. Na kwa kifusi cha ziada, ambapo mzigo wa mwisho ni 97, zinatoka 58. Namba ileile ambayo mabamba na `cv` ya maabara yalikuwa yakiidai. Tuligawa tabaka mara tatu, mita 2 kila moja, tukapata 45 badala ya 43. Mgawanyo haukuwa tatizo letu.

Uamuzi

Kuondoa kifusi mwezi wa 5 kungeacha sentimita 26 za kutokea chini ya lami. Hilo lilifungwa siku hiyohiyo. Lakini hata mpango wa miezi 12 ulikuwa umekufa: mwezi wa 12 tungekuwa na sentimita 27, na zingebaki 16.

Tulikuwa na njia tatu. Kupandisha kifusi kulikataliwa kwa sababu ya kuteleza. Kupenyeza mikanda ya plastiki ya kupitisha maji wima, iliyo karibukaribu, ndiyo dawa ya kitabuni, maana safari ya maji inakuwa chini ya mita 1 badala ya 3. Lakini mashine ingelazimika kuletwa kutoka mbali, na kila mkanda ungepita kwanza kwenye mita 3.5 za moramu iliyoshindiliwa. Mkandarasi alileta bei, mwajiri akaiangalia na kuirudisha.

Ya tatu ilikuwa kusubiri, na ilikubalika kwa sababu moja tu: daraja la zamani lilikuwa bado linapitika. Sehemu nyingine ya barabara ilitiwa lami na kufunguliwa, magari yakaendelea kuvuka kwenye daraja la zamani, na mita 120 za mkabala zikaachwa na kifusi chake mpaka mwezi wa 24. Hesabu ilisema wakati huo tungekuwa na sentimita 37, zikibaki 6.

Matokeo

Mabamba yalisoma 27 mwezi wa 12, na grafu dhidi ya kipeuo cha pili cha muda ilikuwa bado imenyooka kama rula. Ilianza kupinda mwezi wa 20 hivi. Hapo ndipo ilipokuwa halali kutumia njia ya Asaoka, ya kuchora kila usomaji dhidi ya ule uliotangulia na kuona mstari unapokutana na ule wa nyuzi 45. Kijana mmoja ofisini alikuwa ameijaribu mwezi wa 6 na kupata jumla ya sentimita 31, akafurahi. Njia hiyo ikitumiwa kabla ya mpindo huo hutoa jumla ndogo kuliko ya kweli. Mwezi wa 24 ilitoa 56.

Kifusi kiliondolewa mwezi wa 24, mabamba yakiwa 36. Ardhi iliinuka chini ya sentimita 1. Lami ilitiwa, na misumari ya kupimia iliyowekwa ukingoni mwa barabara ilishuka sentimita 2 mwaka wa kwanza na 1 mwaka wa pili.

Uchambuzi

Edometa ilifanya kazi yake vizuri, kuliko nilivyotarajia. Jumla ilitoka sahihi mara tulipousoma mchoro mahali pake, na hata kasi ilikaribiana na ya saiti, jambo lililonishangaza kwa sababu kwa kawaida saiti hushinda. Nadhani udongo ule ulikuwa wa aina moja kutoka juu hadi chini, bila vijitabaka vya mchanga vya kuusaidia. Nisingetegemea bahati hiyo kwenye bonde jingine.

Tungekuwa na sentimita 43 mezani tangu mwanzo, mikanda ya wima isingekataliwa kwa urahisi. Mashine ingeingia kabla ya moramu, ikitembea juu ya ardhi tupu, na bei yake ingelinganishwa na mwaka mzima wa kusubiri badala ya kulinganishwa na sifuri. Kosa la `mv` halikugharimu sentimita tu, lilituondolea chaguo lile wakati lilipokuwa rahisi.

Kitu kilichotuokoa kilikuwa kebo moja ambayo greda haikuifikia. Tangu hapo naweka pizomita tatu katikati ya tabaka, kebo zikipita kwenye mtaro ulioelekea upande mmoja na bomba juu yake, na sikubali lengo la kuondoa kifusi liandikwe kwa sentimita za bamba peke yake. Mkataba wetu uliandika "sentimita 16", na msimamizi aliusoma kama ulivyoandikwa. Sasa naandika sentimita na shinikizo la maji pamoja.

Kuna sehemu ambayo hesabu hii haiigusi. Maji yakiisha kutoka, udongo wa aina hii huendelea kushuka polepole kwa chembe zake kujipanga upya. Kwa udongo wenye `Cc` ya 0.80 nakadiria sentimita 6 au 7 kila muda unapozidi mara kumi. Kifusi cha ziada hupunguza hilo, lakini hakilifuti. Misumari ya ukingoni bado inasomwa mara mbili kwa mwaka, na slabu ya mkabala imekwisha kuinama kiasi ambacho dereva wa lori lenye mzigo anakisikia, ila wa gari dogo bado.